Unaomba kikao kwa barua pepe? Hakiki haya kabla ya kutuma

Mfungashaji wa asali wa Tabora anataka kuiuzia hoteli moja ya Dar es Salaam vichupa vya asali vya kuweka mezani wakati wa kifungua kinywa. Anamwandikia meneja manunuzi hivi:

> Mada: Ombi
>
> Habari za kazi. Natumaini u mzima wa afya pamoja na familia. Mimi ni mfungashaji wa asali bora. Ningependa tukutane wiki ijayo ukipata nafasi, tuzungumze kuhusu ushirikiano. Naomba unijulishe lini utakuwa na muda.

Lugha ni safi na adabu ipo. Shida ni kwamba kazi yote ameachiwa meneja. Ndiye afungue kalenda, atafute siku, akisie kikao kitachukua muda gani, kisha aandike jibu. Mtu mwenye barua pepe nyingi anasema "nitamjibu baadaye", na hapo ndipo ombi linapopotelea.

Kabla ya kutuma, isome barua kama wewe ndiye meneja, na ujiulize: naweza kukubali kwa neno moja? Kama huwezi, kuna kitu kimekosekana.

Lengo. "Ushirikiano" unaweza kuwa biashara, msaada au udhamini. Andika uamuzi unaoutaka kikao kikiisha. Hapa ni meneja kukubali au kukataa oda ya majaribio ya vichupa 200.

Muda wa kikao. Dakika 20 zikiandikwa wazi, meneja anaona zinaingia kabla ya kikao chake kingine. Usipotaja, atahofia saa nzima.

Ajenda. Hii si lengo lililorudiwa. Ni hatua za kufika kwenye uamuzi ule. Mistari mitatu inatosha, kila mmoja na dakika zake. Zijumlishe: zikizidi muda ulioomba, punguza jambo moja au omba muda zaidi.

Nafasi za kuchagua. Toa mbili au tatu, siku tofauti, moja asubuhi na nyingine mchana. Zipe herufi ili ajibu "A" au "B" tu. Angalia pia sikukuu: Julai 7 ni Sabasaba, na kwa Tanzania ni mapumziko. Kwa kuwa huyu anasafiri kutoka Tabora, siku zote mbili ziwe wiki moja, nauli isiende bure.

Kwenye saa ndipo wengi wanapojichanganya. Kalenda ya simu inaandika 10:00, ambayo kwa Kiswahili ni saa 4 asubuhi. Ukiandika "saa 10" peke yake, mwingine atakuja saa 10 jioni, saa sita baadaye. Weka zote mbili. Na kama unayemwandikia yuko Kigali au Lubumbashi, kumbuka saa za huko ziko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa moja, kwa hiyo taja ni saa za wapi.

Baada ya kuhakikiwa, barua inakuwa hivi:

> Mada: Kikao dakika 20: asali ya mezani, Julai 14 au 16
>
> Ndugu Meneja, habari za kazi. Mimi ni mfungashaji wa asali, Tabora. Naomba kikao cha dakika 20 ofisini kwako, ili uamue kama hoteli itachukua oda ya majaribio ya vichupa 200.
>
> Ajenda:
> 1. Kuonja sampuli (dakika 5)
> 2. Bei na ratiba ya kuleta mzigo (dakika 10)
> 3. Uamuzi (dakika 5)
>
> A. Jumanne, Julai 14, saa 4:00 asubuhi (10:00)
> B. Alhamisi, Julai 16, saa 9:00 alasiri (15:00)
>
> Nijibu A au B. Zisipofaa, nitajie muda wowote wiki hiyo. Nafasi hizi nazishikilia hadi Ijumaa, Julai 10.

Salamu imebaki, ila kwa mstari mmoja. Mada imeanza na neno "kikao" kwa sababu simu hukata mada ndefu, na maneno ya mwanzo ndiyo yanayoonekana. Sentensi ya "nitajie muda wowote" nayo ina kazi yake: kwa mkubwa wa cheo, nafasi mbili bila mlango wa tatu zinaweza kusikika kama amri.

Jambo la mwisho ni kuzishikilia kweli nafasi hizo. Ukimpa mtu mwingine Jumanne saa 4 kabla meneja hajajibu, halafu akajibu "A", itabidi uanze upya kwa kuomba radhi.