Fomu ya ridhaa ya upasuaji: isome kifungu kwa kifungu kabla ya saini



Ndugu yetu mmoja ametuletea picha ya fomu ya Kiingereza aliyopewa mkewe, ambaye atafanyiwa upasuaji wa kutoa uvimbe kwenye kizazi. Hawajajaaliwa mtoto bado. Ameomba tafsiri, na tafsiri ni amana: hatulainishi maneno ili kumtuliza, wala hatumzidishii hofu. Vifungu vinne ndivyo vyenye uzito.

Cha kwanza: "Daktari amenieleza upasuaji huu, faida zake, hatari zake na njia nyengine za matibabu." Anayetia saini hapa anashuhudia kwamba ameelezwa. Ikiwa bado, asitie saini kwanza. Aulize: Je, kuna dawa badala ya upasuaji? Nikisubiri itakuwaje?

Cha pili: "Ninafahamu kuwa huenda nikatokwa na damu nyingi na kuhitaji kuongezewa damu." Neno ni "huenda", si "utatokwa". Aulize: Uvimbe wangu una ukubwa gani, na damu ya kundi langu imeshaandaliwa?

Cha tatu kiko nyuma ya karatasi, na wengi hupiga picha upande wa mbele tu: "Ninaridhia hatua nyengine yoyote itakayoonekana ya lazima wakati wa upasuaji ili kuokoa maisha yangu." Tafsiri imeishia hapo. Yafuatayo ni maelezo yetu, hayamo kwenye fomu. Upasuaji wa kutoa uvimbe hukusudia kukibakisha kizazi. Lakini damu ikikataa kusimama, daktari anaweza kulazimika kukitoa chote. Hutokea kwa nadra, ila hutokea. Kisharia, kuokoa maisha ni dharura, na dharura ina hukumu yake. Hata hivyo mwenye mwili ana haki ya kujua mapema. Aulize: Je, kutoa kizazi kumo ndani ya maneno haya? Mtajaribu nini kuizuia damu kabla ya kufika huko? Akiwa na sharti lolote, aombe liandikwe kwenye fomu, kwani lililosemwa mlangoni halitafika chumba cha upasuaji.

Cha nne: "Ninaweza kuondoa ridhaa yangu wakati wowote kabla ya upasuaji kuanza, hata kama nimeshatia saini." Basi saini si kitanzi.

Maswali haya aulizwe daktari atakayepasua, au muuguzi wa wodi amwite. Mfasiri hakuuona uvimbe wala vipimo, hivyo hawezi kuyajibu. Mke ni mtu mzima mwenye akili timamu, kwa hiyo tafsiri asomewe yeye mwenyewe, na mume amsaidie kukumbuka maswali. Dalili ya kuwa amefahamu ni kuweza kueleza kwa maneno yake nini kitafanywa na nini kinaweza kutokea. Akishindwa, arudi kuuliza.

Wallaahu a'lam.