Kabla hujanunua adapta, chunguza tundu la simu

Ijumaa moja sebule ya mama yangu mjini Tanga ilijaa ndugu na majirani. Mpwa wetu alikuwa anafunga ndoa Maskati, na jamaa wa huko walikuwa wakirusha shughuli moja kwa moja mtandaoni. Niliunganisha simu yangu na runinga bila waya. Picha ikaja, vigelegele vikapigwa, lakini kabla hotuba ya nikaha haijaisha picha ikaganda. Nikaunganisha upya, ikaganda tena. Mwishowe runinga haikuiona simu kabisa, na watu wazima wakawa wanapokezana simu mkononi kumwona bwana harusi.

Tatizo halikuwa runinga wala kifurushi cha intaneti. Simu inapotuma picha bila waya, kwanza huibana iwe ndogo, kisha huirusha hewani, halafu runinga huipokea na kuifungua upya. Kazi hiyo hufanyika mara nyingi kwa kila sekunde. Nyumba ya mama imezungukwa na nyumba za ghorofa, na kila mlango una Wi-Fi yake. Mitandao hiyo mingi hugombea masafa yale yale ya 2.4 GHz, kwa hiyo picha inapochelewa njiani runinga huganda, na ikichelewa zaidi muunganisho hukatika. Waya hauna ugomvi huo, kwa sababu picha hupita ndani yake peke yake.

Walima ulikuwa Jumamosi usiku. Asubuhi yake nikanunua adapta ndogo: upande mmja una kichwa cha USB-C cha kuchomeka kwenye simu, upande wa pili una tundu la HDMI la kupokea waya unaotoka kwenye runinga, na pembeni kuna tundu la chaja. Nikachomeka kila kitu. Simu ikaanza kuchaji, lakini runinga ikabaki na maandishi yale yale: No signal. Nilibadilisha waya, nikazima na kuwasha runinga, nikaanza kuamini nimeuziwa kitu kibovu.

Binti wa kaka yangu akasema, “Shangazi, hebu jaribu na simu yangu.” Yake ni Galaxy S21. Tulipoichomeka, picha ikatokea baada ya sekunde chache. Adapta ilikuwa nzima. Simu yangu ndiyo isiyoweza kutoa picha kwa waya.

Hapo ndipo wengi wetu hupoteza pesa. Matundu mawili ya USB-C yanafanana kabisa kwa nje, lakini ndani hayafanani. Tundu hilo lina nafasi ya pini 24. Katika simu nyingi za bei nafuu na za kati, mtengenezaji huunganisha zile za umeme na jozi moja tu ya nyaya za data, yaani USB 2.0. Zinatosha kuchaji na kuhamisha mafaili. Picha ya runinga huhitaji jozi nyingine zenye kasi kubwa, pamoja na uwezo wa simu kupitisha humo mawimbi ya picha yanayoitwa DisplayPort. Kama jozi hizo hazikuunganishwa kiwandani, hakuna programu wala mpangilio utakaozileta.

Namna ya kujua ni kutafuta sifa za simu yako mtandaoni kwa jina lake kamili, kisha kusoma mstari wa USB. Ukikuta neno DisplayPort, adapta ya kawaida itafanya kazi. Ukikuta USB 2.0 peke yake, usitarajie. Katika simu za Samsung, Galaxy S kuanzia S8 ya mwaka 2017 zina uwezo huo, ilhali nyingi za mfululizo wa A hazina. Kwa iPhone, zenye tundu la USB-C zilianza na iPhone 15 mwaka 2023, nazo zinatoa picha. Zilizotangulia zina tundu la Lightning na huhitaji adapta yake maalumu. Nyingi za bei nafuu za aina hiyo hazitoi picha mpaka uzichomeke chaja.

Simu ikiwa na uwezo, mpangilio hauna ugumu. Washa runinga, chomeka waya wa HDMI nyuma yake, na soma namba iliyoandikwa kando ya tundu ulilotumia. Unganisha ncha ya pili kwenye adapta, chomeka chaja kwenye adapta, kisha malizia na simu. Vua kava la simu kwanza: kava nene huzuia kichwa kuzama hadi mwisho, na nusu milimita tu inatosha kukata picha. Kwenye rimoti bonyeza Source au Input, uchague HDMI yenye namba uliyoisoma. Simu nyingine za Samsung huleta ukurasa wa Samsung DeX, unaofanana na kompyuta. Ukitaka kuona kilekile kilicho kwenye simu, badilisha kwenda Screen mirroring. Laza simu ubavu ili picha ijaze runinga. Sauti nayo hutoka kwenye runinga.

Dalili zake zinasomeka. Simu ikichaji kupitia adapta lakini runinga ikaandika No signal, hakikisha kwanza umechagua namba sahihi ya HDMI. Ikiwa ni sahihi, shuku uwezo wa tundu la simu, kama ilivyokuwa kwangu. Picha ikija na kupotea kila simu inapoguswa, kichwa hakijakaa vizuri au tundu limejaa vumbi. Picha ikikatika yenyewe baada ya muda, angalia chaja, kwani adapta nyingine huishiwa nguvu simu ikiilisha peke yake. Na ikiwa kila kitu kinaonekana isipokuwa filamu ya huduma ya kulipia, inayobaki nyeusi, hiyo ni kinga ya hakimiliki inayoitwa HDCP. Adapta, waya na runinga vyote lazima viitambue, na adapta nyingi za bei ya chini huangukia hapo.

Wenye simu kama yangu hawajafungiwa mlango kabisa. Zipo adapta zenye chipu ya DisplayLink, ambazo hupitisha picha kama data ya kawaida kwa msaada wa programu ya DisplayLink Presenter. Hugharimu zaidi, huhitaji umeme wa nje, na filamu zenye kinga hazionekani. Lakini kama unachotaka kuonyesha ni video iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu, huhitaji adapta ya picha hata kidogo. Ihamishie kwenye flashi, chomeka flashi kwenye tundu la USB la runinga, na uifungue kwa rimoti. Flashi ikiwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haitapokea faili moja linalofikia GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi igawe vipande.

Usiku ule wa walima tuliitumia simu ya binti wa kaka yangu. Mama alikaa kwenye kiti chake, akamwona mjukuu wake akiingia na mkewe, na picha haikukatika hadi mwisho. Siku nyingine nitakayonunua kifaa cha namna hii, simu nitakwenda nayo dukani. Fanya hivyo nawe: mwombe muuzaji awashe runinga, chomeka simu yako mwenyewe, na usitoe pesa mpaka uione picha yake kwenye kioo kikubwa.