Sifuri ya Mnara wa Simu

Ukiingia katika kibanda kilicho chini ya mnara wa simu za mkononi, utakuta mitambo imeandikwa "-48 V". Ni alama inayomshangaza mtu aliyezoea betri ya gari. Ndani ya kabati mna betri nne za kawaida za volti 12, zimeunganishwa moja baada ya nyingine hadi kufika volti 48. Hakuna betri ya pekee inayotoa umeme hasi. Alama ile ya kutoa inatueleza jambo moja tu: aliyepima ameiita ncha ya chanya sifuri, kisha akahesabu kushuka kutoka hapo.

Tuichukue saketi hiyo na kuirahisisha. Betri zinasukuma mkondo kutoka ncha yake ya chanya hadi kwenye mtambo wa redio. Mkondo unapita ndani ya mtambo, unatokea upande wake wa hasi, kisha unarudi betrini kwa kebo ndefu yenye ukinzani wa omu 0.1. Waya wa upande wa chanya ni mnene na mfupi, kwa hiyo ukinzani wake tuuache. Mtambo unavuta ampea 10. Zipo sehemu tatu ambako nyaya zinakutana, na mafundi huziita nodi: chanya ya betri, hasi ya betri, na hasi ya mtambo.

Anza na waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri. Hapo ndipo sifuri yetu. Ukigusa chanya kwa waya mwekundu, unasoma volti 48. Ukigusa hasi ya mtambo, unasoma volti 1, kwa sababu ampea 10 zikipita katika omu 0.1 zinapoteza volti 1 njiani. Sasa hamisha waya mweusi uuweke kwenye chanya. Chanya imekuwa 0, hasi ya mtambo imekuwa -47, na hasi ya betri imekuwa -48. Hakuna hata namba moja iliyobaki kama ilivyokuwa. Ukipenda, hamishia waya mweusi katikati ya betri ya pili na ya tatu: chanya itasoma 24, hasi ya mtambo -23, na hasi ya betri -24.

Angalia basi kilichobaki. Kati ya ncha mbili za kebo, mara ya kwanza tulikuwa na 1 kutoa 0, ambayo ni 1. Mara ya pili, -47 kutoa -48 ni 1. Mara ya tatu, -23 kutoa -24 ni 1. Kebo ina volti 1 kila mara, na volti 1 ikigawanywa kwa omu 0.1 inatoa ampea 10. Mtambo nao una volti 47 kila mara: 48 kutoa 1, au 0 kutoa -47, au 24 kutoa -23. Nguvu unayotumia ni wati 470, sifuri ikae popote.

Sababu yake iko wazi. Ulipohamisha sifuri kutoka hasi kwenda chanya, ulitoa 48 kwenye kila namba, bila kubagua nodi yoyote. Ukitoa kiasi kilekile kwa namba mbili, tofauti yake haiguswi. Kibo ina mita 5,895 juu ya usawa wa bahari na Mawenzi ina 5,149. Ukiamua kupima kutoka Moshi mjini, namba zote mbili zitapungua, lakini Kibo itaendelea kuizidi Mawenzi kwa mita 746. Na sheria zinazotawala mkondo hutumia tofauti peke yake. Sheria ya Ohm huuliza tofauti ya volti kati ya ncha mbili za kinzani. Kirchhoff, katika sheria alizotoa mwaka 1845, alisema mkondo unaoingia kwenye nodi ni sawa na unaotoka, na kwamba ukizunguka njia iliyofunga, jumla ya tofauti zote za volti ni sifuri. Hakuna mahali katika sheria hizo panapouliza sifuri yako iko wapi. Hata mita yenyewe hupima tofauti kati ya nyaya zake mbili. "Volti ya nodi" ni jina la mkato la tofauti kati ya nodi hiyo na pale ulipoweka waya mweusi.

Fundi huharibu kazi pale anapochanganya sifuri mbili katika hesabu moja. Tuseme amepima hasi ya betri akiwa na waya mweusi kwenye chanya, akaandika -48. Kisha akasogea hadi kwenye mtambo, akaweka waya mweusi kwenye hasi ya betri, akasoma 1. Akitoa moja kwa nyingine anapata volti 49 juu ya kebo ya omu 0.1, yaani ampea 490. Namba hiyo inajisuta yenyewe: kebo haiwezi kupoteza volti nyingi kuliko betri zote kwa pamoja. Akitaka kuhakikisha, aweke nyaya za mita moja kwa moja kwenye ncha mbili za kebo. Hapo atasoma volti 1. Akisoma zaidi, mfano volti 3, wakati mkondo ni uleule, basi atafute kiungo kilicholegea au chenye kutu.

Kuna mpaka ambao ni lazima uheshimiwe. Kuhamisha waya mweusi wa mita si sawa na kuhamisha waya wa ethi. Mita ina ukinzani mkubwa mno, haifungui njia yoyote ya maana ya mkondo. Waya wa ethi ni shaba halisi. Kwenye minara, chanya ndiyo iliyofungwa ardhini. Mtu akifunga na hasi ardhini bila kuondoa ule wa kwanza, ameunganisha ncha mbili za betri kwa shaba, na mkondo utakaopita ni mkubwa wa kuyeyusha metali usipokatwa na fyuzi. Hapo ameongeza tawi jipya kwenye saketi, si rejea mpya.

Udongo wenye unyevu nao ni tawi, ingawa dhaifu, na hiyo ndiyo sababu ya kale ya -48. Waya wa simu uliozikwa ukiwa chanya kuliko ardhi, mkondo unaovuja hutoka kwenye shaba na kuingia udongoni, ukila metali kidogo kidogo mpaka waya ukatike. Ukiwa hasi, mkondo huo huingia kwenye shaba, na uliwaji unahamia kwenye nondo ya ethi iliyo nene na rahisi kubadilisha. Wahandisi wa simu walichagua kuifunga chanya ardhini ili kuokoa nyaya, na minara ya leo imerithi desturi hiyo. Ndani ya mtambo mikondo ingekuwa ileile kwa uamuzi wowote. Ardhini ndiko kulikokuwa na tofauti.

Kwa hiyo ukipima saketi yoyote, iwe ya sola nyumbani au ya lori, andika juu ya ukurasa mahali ulipoweka waya mweusi kabla ya kuandika namba ya kwanza, na usiuhamishe mpaka umalize safu yote.