Mstari Mmoja wa Ziada Chini ya Ulalo

Chukua jedwali la namba la mistari mitatu na safu tatu:

```
2  5  5
3  5  0
4  0  10
```

Jedwali hili, ambalo wanahisabati huliita matriksi, hugeuza mshale wowote kuwa mshale mwingine. Mingi hubadilika urefu na mwelekeo pia. Michache hubaki kwenye mwelekeo uleule na kurefuka au kufupika tu, na kiasi cha kurefuka huko ndicho thamani eigeni. Mhandisi anayetaka kujua daraja au bawa la ndege litatikisika kwa kasi gani, huzitafuta hizo.

Kama namba zote zilizo chini ya ulalo, yaani mstari wa mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia, zingekuwa sifuri, kazi ingekuwa imekwisha: thamani eigeni zingekuwa zimekaa juu ya ulalo wenyewe. Kwa nini basi tusizifute mara moja? Kwa sababu kila unapochanganya mistari, lazima uchanganye na safu kwa kiasi kilekile, la sivyo thamani eigeni zinabadilika. Ukifuta 3 na 4 kwa kuutumia mstari wa kwanza, zamu ya safu itaigusa safu ya kwanza na kuzijaza tena nafasi ulizozifuta.

Ujanja ni kutougusa mstari wa kwanza. Changanya wa pili na wa tatu peke yao. Kwa kuwa 3 na 4 ni pande za pembetatu ambayo upande wake mrefu ni 5, mstari wa pili mpya uwe 0.6 ya wa pili na 0.8 ya wa tatu. Wa tatu mpya uwe -0.8 ya wa pili na 0.6 ya wa tatu. Kisha fanya hivyohivyo kwa safu ya pili na ya tatu. Safu ya kwanza haiguswi, kwa hiyo sifuri iliyopatikana inabaki:

```
2   7    -1
5   8.2   2.4
0   2.4   6.8
```

Jumla ya ulalo ilikuwa 17, na bado ni 17. Ukaguzi huu mdogo hunasa makosa mengi ya hesabu, ingawa si yote. Umbo hili, lenye mstari mmoja tu wa namba chini ya ulalo, limepewa jina la mhandisi Mjerumani Karl Hessenberg. Kwa matriksi kubwa unaendelea safu kwa safu. Kuufuta hata huo mstari wa mwisho kwa hatua chache zilizopangwa hakuwezekani kwa matriksi ya jumla: ingekuwa sawa na kupata kanuni ya kutatua milinganyo yote ya daraja la tano na zaidi kwa hesabu za kawaida na vipeo, jambo ambalo Abel alithibitisha mwaka 1824 kuwa haliwezekani.

Hapo ndipo duru zinapoanza. Njia ya QR, ambayo John Francis wa Uingereza na Vera Kublanovskaya wa Urusi waliigundua kila mmoja kivyake na kuichapisha kuanzia 1961, huivunja matriksi kuwa matriksi mbili, Q na R, kisha huzizidisha kwa mpangilio wa kinyume. Ukirudia, namba za chini ya ulalo huzidi kupungua. Mojawapo ikiwa ndogo mno ikilinganishwa na jirani zake wa kwenye ulalo, huhesabiwa kuwa sifuri, na kazi inagawanyika vipande viwili.

Sasa tuje kwenye gharama. Matriksi ya 1000 kwa 1000 ikiwa imejaa, kuivunja mara moja kunadai hesabu zaidi ya bilioni moja. Katika umbo la Hessenberg kila safu ina namba moja tu ya kufuta, na kuifuta kunagusa mistari miwili tu iliyo jirani. Duru nzima inagharimu hesabu milioni 6 hivi. Kufikia umbo lenyewe kunakula bilioni 3.3, lakini mara moja tu, huku duru zikifika maelfu.

Hesabu hiyo isingekuwa na maana kama duru ya kwanza ingeliharibu umbo. Hailiharibu. R haina kitu chini ya ulalo, na unapoirudishia ile michanganyiko kwenye safu, kila mmoja unagusa safu mbili jirani na kuacha namba moja tu chini ya ulalo, mahali palepale ilipokuwa. Mimi naona hapa ndipo ustadi wote ulipo, kuliko hata kwenye sifuri zenyewe.

Ikiwa matriksi ni linganifu, yaani namba za juu ya ulalo ni kioo cha zile za chini, sifuri hutokea pande zote mbili na kubaki mistari mitatu tu ya mshazari. Duru hapo inadai maelfu ya hesabu badala ya mamilioni. Ila kwa matriksi ya mamilioni ya mistari iliyojaa sifuri tangu mwanzo, njia hii haifai: michanganyiko huzijaza sifuri hizo kabla hujafika mbali, na kumbukumbu ya kompyuta inakwisha. Huko hutumika njia ya Arnoldi, ambayo hujenga jedwali dogo tu la umbo hilihili la Hessenberg na kuiacha matriksi kubwa ilivyo.