Damu Inachelewa Kuganda: Imepungukiwa au Inazuiwa?

Tumchukulie mama wa miaka 34 ambaye mwanawe ana miezi miwili. Hajaanguka wala kujigonga, lakini paja limevimba na mikono imejaa madoa makubwa ya damu iliyovilia chini ya ngozi. Tangu utotoni hakuwahi kuvuja damu ovyo, hata alipong'olewa jino. Kipimo cha PT ni cha kawaida. Kile cha aPTT kinasoma sekunde 88, wakati katika maabara hiyo plazma ya watu wenye afya huganda kwa sekunde 31.

aPTT huhesabu sekunde tangu kalsiamu itiwe kwenye plazma, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, mpaka igande. Kuganda huko ni kazi ya protini kadhaa zinazopokezana. Wataalamu huziita fakta na kuzipa namba. Sekunde zikizidi, ama fakta fulani imepungua, ama ndani ya damu kuna kizuizi, mara nyingi kingamwili, kinachoikwamisha. Namba 88 peke yake haisemi ni lipi kati ya hayo mawili.

Hapo maabara huchanganya plazma ya mgonjwa nusu kwa nusu na plazma iliyokusanywa kutoka kwa watu wengi wenye afya, kisha hupima upya. Hata kama mgonjwa hana fakta hiyo kabisa, mchanganyiko utakuwa na karibu asilimia 50 ya kiwango cha kawaida, na kiasi hicho hutosha kurudisha sekunde chini. Kikiwa ni kizuizi, kitaishambulia hata ile plazma ya wenye afya, na sekunde zitabaki juu.

Kabla ya kuchanganya, mtu makini huiulizia sampuli yenyewe. Je, imevutwa kwenye mpira uliopitishwa heparini? Dawa hiyo nayo huzuia kuganda, na kwenye mchanganyiko hujifanya kingamwili. Kipimo cha muda wa thrombini huifichua. Kichupa chenye kifuniko cha buluu kilijazwa hadi alama? Kisipojaa, sitreti inayozuia damu isigande humzidi mgonjwa, na sekunde hurefuka bila ugonjwa wowote. Majibu mengi ya kutisha yameishia kwenye kichupa kilichojaa nusu.

Sampuli ya mama yetu ni safi. Mchanganyiko unapimwa papo hapo: sekunde 38. Imerudi karibu kabisa na kawaida, na mwenye haraka angeandika "upungufu wa fakta" akafunga faili. Hilo lingekuwa kosa la hatari. Kingamwili dhidi ya fakta ya nane hufanya kazi polepole na huhitaji joto la mwili. Kwa hiyo mchanganyiko huwekwa kwenye nyuzi 37 kwa muda wa saa mbili, kisha hupimwa tena. Safari hii unasoma sekunde 67.

Lakini fakta ya nane na ya tano huchakaa zenyewe zikikaa kwenye joto. Ndiyo maana plazma ya mgonjwa na ile ya wenye afya huwekwa pia kila moja kwenye kichupa chake, joto lilelile na muda uleule, na kuchanganywa mwishoni tu. Mchanganyiko huo umesoma sekunde 42. Kupanda kutoka 38 hadi 42 ni uchakavu. Zile 25 zilizobaki, kati ya 42 na 67, ni kazi ya kingamwili.

Kuna kizuizi kingine chenye tabia tofauti, kiitwacho lupasi antikoagulanti. Hiki kwa kawaida hurefusha sekunde papo hapo, bila kungoja joto, kwa kuwa huvuruga mafuta ya fosfolipidi yanayotiwa kwenye kipimo. Ajabu yake ni kwamba mwenye nacho kwa kawaida havuji damu. Hatari yake ni mabonge ya damu kwenye mishipa. Kikiwa dhaifu, kule kuchanganywa nusu kwa nusu kunaweza kukizimua kisionekane, kwa hiyo daktari anayekishuku huagiza vipimo vyake maalumu.

Kwa mama yetu, hatua inayofuata ni kupima fakta ya nane yenyewe: asilimia 2. Kisha hufanywa kipimo cha Bethesda, kilichosanifiwa mwaka 1975. Uniti moja ni nguvu ya kingamwili inayoangamiza nusu ya fakta ya nane kwa saa mbili kwenye nyuzi 37. Yeye ana uniti 16, maana plazma yake hufikia nguvu hiyo ya uniti moja baada tu ya kuzimuliwa mara 16.

Huo ni ugonjwa wa himofilia ya kupata ukubwani, ambao hutokea zaidi kwa wazee na kwa baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Kwa kiwango hicho cha kingamwili, fakta ya nane ya kawaida ingeangamizwa upesi mno kuweza kumsaidia. Kuvuja hudhibitiwa kwa dawa zinazoiruka fakta hiyo, mfano fakta ya saba iliyoamshwa, huku prednisoloni, mara nyingi pamoja na dawa nyingine ya kutuliza kinga, ikitumiwa kukausha chanzo cha kingamwili.