Wavu Uleule, Zizi Pana Zaidi

Tazama picha ya zizi la mbuzi lililojengwa nyuma ya nyumba. Aliyeipiga alisimama kwenye roshani ya ghorofa, kwa hiyo pembe zote nne zinaonekana. Upande wa nyuma ni ukuta wa matofali. Pande tatu zilizobaki zimezungushiwa wavu wa chuma uliopigiliwa kwenye nguzo za miti. Katikati kuna uzio mwingine unaotoka ukutani hadi mbele, ukiwatenga mabeberu na majike wenye watoto. Mbele kuna geti la mbao. Mwenye zizi analalamika kwamba wanyama wamebanana, na hana fedha ya kununua wavu mwingine. Je, wavu alionao ungeweza kufunga eneo kubwa zaidi ya hilo?

Swali hili huwapata wanafunzi wa kidato cha nne Kenya, na wa kidato cha tano na cha sita Tanzania, wanapofika kwenye kalkulasi. Vitabuni huja likiwa limekwisha kusafishwa: urefu wa wavu umetolewa, na umbo limechorwa. Ukianzia kwenye picha huna hata kimoja cha hivyo.

Kwanza, usiweke rula juu ya picha. Kitu kilicho karibu na kamera huonekana kirefu kuliko kilicho mbali, ndiyo maana uzio wa mbele unaonekana mrefu kuliko sehemu ya ukuta iliyo sambamba nao, ingawa ardhini ni sawa. Kinachosalimika ni hesabu ya nguzo, kwa kuwa kamera haiwezi kuongeza nguzo wala kuipunguza. Kama fundi alizipanga kwa nafasi sawa, hesabu nafasi zilizo kati ya nguzo na nguzo, kisha pima nafasi moja tu kwa futi kamba. Katika zizi hili nafasi moja ni mita 2. Mbele kuna nafasi 6, geti likiwa limechukua moja. Kila ubavu una nafasi 6, na uzio wa kati nao una 6. Jumla ni nafasi 24, yaani mita 48 za uzio. Zizi ni la mita 12 kwa 12, na eneo lake ni mita za mraba 144.

Picha inaweza kukupa jambo moja zaidi bila futi kamba. Chora mistari miwili ya hanamu, kutoka pembe hadi pembe. Zinapokatana juu ya picha ndipo lilipo kitovu halisi cha mstatili, hata kama umbo limepinda kwa sababu ya kamera, kwa maana mstari ulionyooka ardhini hubaki umenyooka pichani. Kwa njia hiyo utajua kama uzio wa kati umewekwa katikati kweli au umesogea upande mmoja. Kwa eneo la zizi zima haidhuru, ila mbuzi wa upande mwembamba watakuwa na la kusema.

Sasa tuipe picha herufi. Kina cha zizi, kutoka ukutani kuja mbele, tukiite x. Urefu wa upande ulio sambamba na ukuta tuuite y. Nyuzio zinazotoka ukutani kuja mbele ni tatu, mbavu mbili na ule wa kati, na mbele kuna mmoja. Kwa hiyo:

3x + y = 48

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanaona mstatili, wanakumbuka mbavu mbili, wanaandika 2x + y = 48, na hesabu yao inawapa kina cha mita 12 na urefu wa mita 24. Inapendeza hadi umwambie fundi akaijenge: mara tatu 12 ni 36, ongeza 24, unapata 60. Wavu wa mita 48 umekwisha na zizi bado lina pengo. Kila jibu lirudishwe pichani, uhesabu upya nyuzio zote, hata ule uliojificha katikati.

Eneo ni x mara y. Kwa kuwa y ni 48 − 3x, tunapata:

A = x(48 − 3x) = 48x − 3x²

Jaribu namba chache. Zizi la sasa, lenye kina cha mita 12, lina mita za mraba 144. Zizi la kina cha mita 4 lingekuwa na urefu wa mita 36, kama ujia mrefu, na eneo lake nalo ni 144. Kwa hiyo eneo hupanda kina kinapoongezeka kutoka 4, likafika kileleni mahali fulani, kisha likashuka hadi 144 tena. Kazi ya kalkulasi ni kukitafuta kilele hicho bila kubahatisha.

Fikiria umelivuta zizi mbele kidogo tu, kwa kipande h. Mbele umeongeza ukanda mwembamba wa urefu y, basi umepata eneo la y mara h. Lakini nyuzio tatu zimerefuka, zimekula wavu wa 3h, na wavu huo lazima utoke kwenye uzio wa mbele. Urefu ukipungua kwa 3h, unapoteza eneo la kama x mara 3h. Faida ni y kwa kila h, hasara ni 3x kwa kila h. Kuna pia kijisehemu cha pembeni, 3h², lakini h ikiwa ndogo mno, hicho hakina uzito. Kasi ya badiliko la eneo basi ni y − 3x, ambayo ni sawa na kuandika:

A′ = 48 − 6x

Faida ikizidi hasara, endelea kuvuta. Hasara ikizidi, umepita kiasi. Zikilingana, 48 − 6x ni sifuri, na x ni 8. Hapo y ni 24 na eneo ni mita za mraba 192, yaani 48 zaidi ya zizi la sasa, theluthi nzima ya ongezeko, kwa wavu uleule. Angalia pia kilichotokea kwa wavu: mita 24 zimekwenda mbele, na nyuzio tatu kwa pamoja zimechukua mita 24. Nusu kwa nusu. Mwanasheria Mfaransa Pierre de Fermat alilifikiria tatizo la aina hii, la kugawa mstari ili vipande viwili vitoe mstatili mkubwa kabisa, kwa hoja inayofanana na hii ya kusogeza kidogo. Hiyo ilikuwa miaka ya 1630, kabla Newton na Leibniz hawajaipa kalkulasi sura tunayoijua.

Je, 8 ni kilele kweli? Kasi ya sifuri inasema tu kwamba mahali hapo pametulia, na bondeni pia hutulia. Geuza swali uone: zizi libaki na mita za mraba 144, tutafute uzio mfupi kabisa. Ukifuata hatua zilezile utapata mahali pa kasi sifuri, ila safari hii pa chini kabisa. Kwa hiyo uthibitisho si pambo la kumridhisha mwalimu.

Njia ya kawaida ni kuuliza kasi yenyewe inabadilikaje. Kasi ni 48 − 6x, na kila x ikiongezeka kwa mita moja, kasi hupungua kwa 6. Basi kasi ya pili ni −6, namba hasi popote utakaposimama. Kasi inayoshuka siku zote hupita sifuri mara moja tu, ikitoka juu kwenda chini: kwenye mita 7 ni +6, kwenye mita 9 ni −6. Eneo lilikuwa likipanda, sasa linashuka. Hicho ni kilele. Anayeshuku kalkulasi anaweza kuandika eneo hilohilo kwa namna nyingine:

A = 192 − 3(x − 8)²

Kinachotolewa kwenye 192 hakiwezi kuwa hasi, basi hakuna zizi la namna hii litakalozidi 192. Mimi huipenda njia hii kwa kuwa inaonyesha pia gharama ya kukosea. Fundi akikosea kina kwa nusu mita, hasara ni robo tatu ya mita moja ya mraba. Karibu na kilele ardhi ni tambarare, hakuna haja ya kugombana kwa sentimita.

Lakini rudi pichani. Ukuta wa nyuma una mwisho. Kwenye picha unaishia nafasi tatu baada ya pembe ya zizi, na upande wa pili unaanza pale pale zizi linapoanzia. Yaani ukuta una mita 18 tu, na jibu letu lilitaka 24. Hesabu haikujua, kwa sababu hatukuiambia.

Kwa ukuta wa mita 18, y haiwezi kuzidi 18, kwa hiyo x haiwezi kuwa chini ya 10. Kati ya 10 na 16, ambako uzio wa mbele unatoweka, kasi ni hasi wakati wote: kwenye mita 10 ni −12. Eneo linashuka tangu mwanzo, kwa hiyo kubwa kabisa liko ukingoni, x ikiwa 10 na y ikiwa 18. Ni mita za mraba 180. Hapo kasi si sifuri, na kipimo cha kasi ya pili hakina cha kutuambia. Ukingo hupimwa kwa kuuangalia wenyewe.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusipite mwisho wa ukuta, tukaziba nyuma kwa wavu? Sawa, tujaribu. Urefu wa mita 20 ungetaka mita 20 mbele na mita 2 nyuma, zikabaki 26 kwa nyuzio tatu, kina cha mita 8.67 hivi. Eneo ni kama 173. Umepoteza. Kila mita inayopita ukuta inalipiwa mara mbili, mbele na nyuma, na haijilipi.

Kuhusu ile nafasi ya mita 2 tuliyoipima mara moja: kama kwa kweli ni mita 2.1, urefu wote umezidi kwa asilimia 5 na eneo limezidi kwa zaidi kidogo ya asilimia 10, kwa hiyo zizi la sasa lingekuwa karibu 159 na si 144. Lakini idadi ya nafasi haibadiliki. Zizi bora kwa ukuta huu ni nafasi 9 mbele na nafasi 5 kwa kila uzio unaotoka ukutani, vyovyote nafasi itakavyopimwa, mradi ziwe sawa. Tano mara tatu ni 15, ongeza 9, ni 24, idadi ileile ya mwanzo.

Kwa hiyo mwenye zizi asogeze uzio wa mbele mita 2 kuelekea ukutani, na ubavu mmoja autoe mita 6 hadi mwisho wa ukuta. Atapata mita za mraba 36 za ziada, sawa na chumba cha mita 6 kwa 6. Gharama yake ni kuchimba mashimo mapya ya nguzo na siku ya fundi.