"They" ya Mtu Mmoja

Kiingereza humlazimisha mwandishi kutaja jinsia pale ambapo Kiswahili husema "yeye" tu. Ukitaka kuandika kwamba kila mwanafunzi alete kitabu chake, je, ni "his" au "her"? Wenye lugha yao walilijibu swali hilo tangu karne ya 14 kwa kuazima "they" ya wingi: "Every student must bring their book." Chaucer aliitumia hivyo, na baadaye Shakespeare na Jane Austen.

Wanasarufi wa karne ya 18 na ya 19 ndio walioipinga, wakidai "he" inawatosha wote. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha kwamba, katika sheria, maneno ya kiume yawahusu wanawake pia. Kwangu hoja yao ni dhaifu, kwani hata "you" ilikuwa ya wingi kabla ya kuwa ya mmoja.

Wanawake walipodai kutajwa, "he or she" ikajaribiwa, ikachosha. Shirika la habari la AP likairuhusu "they" kwa masharti mwaka 2017. Mwaka 2019 mwongozo wa APA ukaiidhinisha, hata kwa mtu anayejichagulia kiwakilishi hicho. Ukiitumia, kitenzi kibaki cha wingi: "they are", kamwe si "they is".